Beti Saba Haziingii Ukurasa Mmoja

Shairi la tarbia lenye beti saba lina mishororo 28. Ukiongeza mstari mmoja mtupu kati ya ubeti na ubeti, linahitaji mistari 34. Ongeza nafasi ya kichwa, ambayo mimi huihesabu kuwa mistari minne, unafika 38. Ukurasa wa kijitabu cha A5 niliokuwa nimeupanga ulikuwa na mistari 34 tu. Hiyo minne iliyozidi ndiyo iliyonifunza karibu kila ninachokijua kuhusu kupanga diwani ndogo, kwa sababu hapakuwa na njia ya kuikwepa isipokuwa kulitazama shairi lenyewe.

Diwani ilikuwa ya malenga mmoja mtu mzima, ambaye sote tunamwita Mwalimu. Alitaka kuichapisha mwenyewe: kurasa 24, karatasi sita za A4 zilizokunjwa katikati na kubanwa kwa stepla, jalada likiwa karatasi ya peke yake. Humo mlikuwa na mashairi ya kimapokeo, utenzi mmoja, na mashairi huru machache aliyoyaandika miaka ya karibuni. Mimi kazi yangu ilikuwa kuyapanga kwenye LibreOffice Writer.

Nilianza na penseli kabla ya kompyuta. A5 ina upana wa milimita 148 na urefu wa 210. Nilitoa 18 juu na 24 chini, namba ya ukurasa ikiwa ndani ya hizo 24, zikabaki 168 za maandishi. Fonti pointi 11, na kutoka mstari hadi mstari pointi 14, yaani karibu milimita tano kasoro kidogo. Gawanya 168 kwa hizo upate mistari 34. Pambizo ya ndani, upande wa mkunjo, nikaipa milimita 20, ya nje 15. Upana uliobaki ni 113. Baada ya hapo nikapitia shairi moja moja na kuandika pembeni linahitaji mistari mingapi. Yaliyofika 34 au pungufu, kichwa kikiwemo, ni ya ukurasa mmoja. Yaliyozidi ni ya kurasa mbili, na hapo ndipo swali linapozuka: zipi?

Tuliache shairi lijigawe lenyewe tuone. Programu inajaza ukurasa mpaka nafasi iishe. Kichwa na beti sita vinakula mistari 33, halafu ubeti wa saba unatupwa ukurasa unaofuata, peke yake, juu kabisa, na chini yake karatasi nyeupe tupu. Ubeti wa saba ndio malenga anaojitaja na kuaga. Msomaji anafunua akidhani anakutana na shairi jipya, anakuta mistari minne isiyo na kichwa. Kuna wanaotibu ugonjwa huu kwa kubana: fonti inashushwa hadi kumi, nafasi kati ya beti inapunguzwa nusu, na shairi linaingia. Linaingia kweli. Lakini ukilifungua kitabu, shairi la kushoto limebanwa na la kulia linapumua, na jicho linaona tofauti hiyo kabla halijasoma neno. Nilimwambia Mwalimu kwamba kipimo kikishawekwa kiwe kimoja kwa kitabu kizima, tutafute nafasi mahali pengine.

Mahali pengine penyewe ni kurasa mbili zinazotazamana. Shairi likianzia ukurasa wa kushoto, ambao daima ni wa namba shufwa, msomaji analiona lote kwa mara moja bila kufunua. Beti nne kushoto chini ya kichwa, tatu kulia. Sita kwa moja ni shairi lililovunjika. Nne kwa tatu ni shairi lililokaa. Na upande wa kulia sikuanzia juu kabisa. Niliushusha ubeti wa tano kwa pointi 56, yaani mistari minne ile ile iliyoliwa na kichwa, ili ubeti wa kwanza na wa tano viwe usawa mmoja, wa pili na wa sita vivyo hivyo. Mwalimu alipoona alisema, "Sasa zinaitikiana." Sikuwa nimefikiria hivyo, nilifikiria mistari tu.

Ubeti wenyewe haukatwi. Hili halina mjadala katika tarbia: mishororo mitatu huku na kibwagizo kule ni kuua wimbo. Kwenye Writer kuna njia mbili za kuulinda, na kila moja ina kasoro yake. Njia ya kwanza ni kuufanya ubeti mzima kuwa aya moja, mwisho wa kila mshororo ukibonyeza `Shift+Enter` badala ya `Enter`, kisha kwenye mtindo wa aya, kichupo cha `Text Flow`, unaikataza aya isigawanyike. Ni rahisi, na kwa tarbia inatosha. Kasoro yake inaonekana kwenye mashairi huru yenye mistari mirefu. Mstari ukizidi upana wa ukurasa, kipande kilichobaki kinapaswa kuingia ndani kidogo ili msomaji ajue kwamba huo bado ni mstari ule ule. Writer hufanya hivyo kwa aya tu, si kwa mstari uliokatwa kwa `Shift+Enter`, hivyo mstari wa kwanza wa ubeti utakuwa sawa, lakini mingine yote itaharibika.

Kwa hiyo mashairi huru niliyapa njia ya pili. Kila mstari ni aya yake. Nilitengeneza mitindo miwili, "Mshororo" na "Mshororo wa mwisho". Wa kwanza hauna nafasi chini yake na umewekewa `Keep with next paragraph`, yaani haukubali kuachana na unaoufuata. Wa pili hauna sharti hilo, ila una nafasi ya pointi 14 chini. Ubeti unakwenda pamoja, na mahali pekee ukurasa unapoweza kukatika ni baada ya mshororo wa mwisho. Nafasi iwe chini ya ubeti, isiwe mstari mtupu wa kubonyeza `Enter` mara mbili. Mstari mtupu ukiangukia juu ya ukurasa unabaki pale pale, na ubeti unaonekana umeteleza mstari mmoja chini ya jirani yake. Nafasi ya chini, ukurasa ukiisha, inapotea yenyewe.

Na maandishi yote yaegemee kushoto. Hati ya Mwalimu ilikuja imenyooshwa pande zote mbili kama gazeti, na kila mahali palipokatwa kwa `Shift+Enter` maneno yalikuwa yamevutwa mpaka ukingoni, mshororo wa maneno matatu ukiwa na mashimo mawili makubwa katikati. Kuweka mashairi katikati ya ukurasa, mstari kwa mstari, nako sikukubali. Ubeti unapoteza ukuta wake wa kushoto, na jicho linatafuta upya mwanzo wa kila mshororo.

Sasa nije kwenye jambo lililotuchukulia muda mrefu zaidi, ambalo watu wengi hulipita: nafasi kati ya ukwapi na utao.

Katika mshororo wa mizani 16, vipande viwili vya mizani nane nane vinaweza kuandikwa kwa namna mbili. Unaweza kutenganisha kwa mkato tu na nafasi ya kawaida, mshororo ukaenda moja kwa moja. Au unaweza kuutenga utao kwa nafasi pana, ili beti zionekane kama safu mbili na vina vya kati vijitokeze. Mwalimu alizoea ya pili, na kwenye hati yake alikuwa ameifanya kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara nyingi mpaka ionekane sawa kwenye kioo chake. Nilipobadilisha fonti, safu ya utao ikayumba kama mlevi.

Dawa ni kituo cha tabo kilichopimwa kwa milimita. Lakini kiwekwe wapi? Hapa mizani inadanganya. "Aliona ua lao" ni mizani nane, na ni herufi na nafasi 13 tu. "Wanyang'anywapo mashamba" nayo ni mizani nane, na ni 24, alama ya ritifaa ikihesabiwa. Sikio linasikia urefu mmoja, ila karatasi inaona kimoja kinakaribia mara mbili ya kingine. Ukipima tabo kwa ubeti wa kwanza, utafika ubeti wa nne na kipande kirefu kitaruka kituo na kuusukuma utao wake hadi kituo kinachofuata, mbali kabisa na wenzake. Ndivyo unavyolitambua kosa hilo: mshororo mmoja utao wake umetoka nje ya safu. Kwa hiyo nilitafuta kipande kirefu kuliko vyote katika shairi zima. Kwa pointi 11 kilifika kama milimita 43, nikaweka tabo kwenye 50. Utao mrefu nao ukichukua 43, tunafika 93, na upana wetu ni 113. Kuna nafasi ya kutosha.

Nilidhani tumemaliza. Mwalimu akasoma nakala ya majaribio kwa sauti, akasimama.

"Hapa umenikata pumzi, mwanangu."

Nikamuuliza wapi. Akanionyesha mshororo ambao ukwapi wake unaishia na kitenzi na utao unaanza na yambwa yake. Sentensi inapita juu ya kituo bila kusimama, na mimi nilikuwa nimechimba mtaro pale pale. Katika shairi hilo mishororo ya namna hiyo ilikuwa mingi. Nikamwambia basi tuondoe nafasi pana kitabu kizima. Akakataa, akasema mashairi yake mengine, hasa yale ya majibizano, yanataka safu mbili kwa sababu kila kipande ni kauli kamili. Tukaamua kwa shairi, si kwa kitabu: pale ambapo kila ukwapi umefungwa na mkato, safu mbili, pale ambapo maana inavuka, mkato au hata bila mkato, na nafasi ya kawaida. Kuna watakaosema hapo tumekosa usawa. Kipimo cha fonti na mistari nilikishikilia kiwe kimoja, lakini hili ni umbo la shairi lenyewe, na kulilazimisha ni kulisoma vibaya kwa niaba ya msomaji.

Utenzi ulikuwa na tatizo la kinyume. Vipande vya mizani nane vikiwekwa kimoja kwa kila mstari, vinachukua chini ya nusu ya upana wa ukurasa, na upande wa kulia unabaki mweupe kutoka juu hadi chini. Kishawishi ni kupanga beti kwa safu mbili ili kuokoa karatasi. Nilijaribu, na watu wawili niliowapa wasome walisoma kwa njia mbili tofauti: mmoja alishuka safu ya kushoto yote kisha akapanda ya kulia, mwingine alivuka kutoka ubeti wa kushoto kwenda wa kulia. Hadithi ikawachanganya wote. Nikarudi kwenye safu moja, nikaisogeza yote ndani kwa milimita 30, ukuta wa kushoto ukiwa umenyooka. Kulia bado ni kweupe zaidi kuliko kushoto, lakini ubeti hauonekani tena kama umegandishwa ukingoni.

Utenzi huo una beti 24. Kila ubeti na nafasi yake ni mistari mitano, kwa hiyo ukurasa wenye kichwa unabeba beti sita, na usio na kichwa unabeba saba. Kurasa nne zinatosha, na hesabu rahisi ni sita sita. Lakini ukianzia ukurasa wa 10, mahali pekee msomaji anapofunua karatasi ni kati ya 11 na 12. Hapo ndipo panahitaji kuchaguliwa, kwa sababu kufunua ni kimya, kifupi lakini kipo. Kwa sita sita, kimya hicho kingeangukia baada ya ubeti wa 12, katikati ya maneno ya mama anayesikia mlango ukigongwa. Swali lake, nani huyo usiku huu, linakamilika ubeti wa 13, na jibu liko wa 14. Basi tukagawa sita, saba, sita, tano. Swali likawa chini kabisa ya ukurasa wa 11, na jibu likawa ng'ambo ya karatasi. Ukurasa wa 12 na 13 pia ndizo kurasa za katikati ya kijitabu cha kurasa 24, pale stepla zinapoonekana, na ni mahali pekee ambapo kushoto na kulia ni karatasi moja isiyokatwa.

Mashairi huru sitayasemea sana, isipokuwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba beti zake hazilingani, kwa hiyo ukurasa ukiishia mwisho wa ubeti msomaji hawezi kujua: shairi limeisha, au limepumzika? Katika tarbia anajua, kwa kuwa anahesabu minne bila kufikiri. Nilijitahidi kila shairi huru likae kwenye ukurasa mmoja. Moja lilikataa, na hilo nililikata katikati ya ubeti mrefu kwa makusudi, mstari wa mwisho wa ukurasa ukiishia bila nukta, sentensi ikiwa inaning'inia. Nililegeza `Keep with next paragraph` kwenye mstari huo mmoja, nikaacha mistari minne ya ubeti upande wa kushoto na mitano upande wa kulia. Ni kinyume cha nilichosema juu ya tarbia, najua. Kwenye tarbia ubeti ni nyumba, haubomolewi. Hapa ubeti mrefu ulikuwa tayari unakwenda, na mapengo ndiyo yaliyokuwa na maana, hivyo bora kukata mwendo kuliko kuficha pengo.

La pili ni mistari iliyoingizwa ndani kwa makusudi. Mwalimu ana shairi ambalo kila mstari unaingia ndani zaidi ya uliotangulia, hatua kwa hatua. Nilizipa hatua hizo milimita 8, 16 na 24. Na ule ujongezaji wa mstari mrefu uliokosa nafasi nikauweka kwenye 35, mbali na hatua zote za mshairi. Ukiuweka kwenye 16, msomaji atadhani kipande kilichozidi ni mstari mpya alioutaka mshairi, na hana njia ya kujua si kweli.

Nilipokaribia kumaliza, Mwalimu akataka tabaruku kwa marehemu mkewe, ukurasa wa peke yake, wa kulia, wa 3. Huwezi kumkatalia mtu hilo. Yaliyomo yakasogea kwenda wa 4, na shairi la beti saba lililokuwa 4 na 5 likawa 5 na 6, yaani mbele na nyuma ya karatasi moja. Kila shairi la kurasa mbili nyuma yake likavunjika vivyo hivyo. Ukurasa mmoja ukiongezwa mwanzoni, kushoto yote inageuka kulia. Ningeweza kuacha ukurasa wa 5 mtupu, ila badala yake nililitoa shairi fupi kutoka ukurasa wa 9 nikaliweka pale, na yale ya kurasa mbili yakarudi kwenye namba shufwa. Shairi fupi lingine lililokuwa wa 8 likahamia baada ya utenzi ili utenzi ubaki 10 mpaka 13. Mwalimu aliusoma mpangilio mpya akasema ni bora kuliko wake, ingawa nadhani alisema hivyo kwa ajili ya tabaruku.

Ili jambo hilo lisitokee tena kimyakimya, vichwa vya mashairi ya kurasa mbili nilivipa mtindo wake, wenye agizo la kukata ukurasa kabla yake na kuanza kwenye `Left Page`. Writer inalazimika kukipeleka kichwa kushoto, na ikibidi inaingiza ukurasa mtupu yenyewe. Ukurasa huo mtupu ni dalili kwamba hesabu yako imekosa mahali. Lakini angalia wakati wa kutoa PDF: kuna kisanduku kinachoitwa `Export automatically inserted blank pages`. Kisipowekwa alama, ukurasa ulioingizwa na programu unaachwa nje ya faili, na kila kitu baada yake kinahama upande huku kwenye kioo chako kila kitu kikionekana sawa.

Faili la mchapaji nililitoa kwa kurasa moja moja, zikifuatana kwa namba, kwa sababu wachapaji wengi wana programu yao ya kuziunganisha ukurasa wa 24 na wa 1, wa 2 na wa 23, mpaka wa 12 na wa 13. Nikaomba nakala moja ya majaribio na rula. Nilipima kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho wa ukurasa uliojaa: ulitakiwa ukaribie milimita 168, ukatoka 158. Mashine ilikuwa imewekwa ipunguze ukurasa uenee ndani ya karatasi. Nikamwomba mchapaji achapishe kwa ukubwa halisi, asilimia 100, na nakala ya pili ilipokuja rula ikakubali.